Kumtaka mdada kwa meseji: lugha ya mtaani au Kiswahili kilichonyooka? (Kanijibu "shikamoo")

#1 Kisu_Butu
Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka 37, niko Tabata, Dar. Kuna mdada tuko naye kwenye grupu la kamati ya harusi ya jamaa yetu, kwa kumkadiria ana 27 hivi. Jumamosi tulikuwa na kikao, nikaona kabisa hapa pana mtu. Usiku nikamfuata inboksi na hii:

"Niaje mrembo, mzuka? Leo ulitokelezea kinoma, nimekuzimikia ile mbaya 😍"

Akakaa kimya weee, baadaye akajibu: "Shikamoo kaka 😊"

Sasa nimeandaa nyingine ya Kiswahili kilichonyooka, bado sijaituma:

"Habari za jioni dada. Natumaini u mzima wa afya. Tangu siku ile ya kikao moyo wangu haujatulia. Ningependa kupata wasaa wa kuzungumza nawe endapo utaridhia."

Ipi inamfaa mtu wa umri wake? Ya kwanza nilidhani ndiyo lugha ya vijana wenzake, ikaleta shikamoo. Ya pili naogopa itaniongezea miaka mingine. Nawasilisha.

#2 Pweza_Mkavu
"Endapo utaridhia" 😂😂 Mkuu umesahau juu uandike YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MPENZI. Husika na somo tajwa hapo juu.

#3 Binti_Tandika
Kabla hatujafika mbali, hiyo shikamoo ulijibu nini? Usiniambie ulijibu marahaba.

#4 Kisu_Butu
Nilijibu marahaba. Shikamoo haiachwi inaning'inia, ndivyo nilivyolelewa.

#5 Pweza_Mkavu
Moda funga uzi.

#6 Binti_Tandika
Haya, mimi nina 28, nikusaidie kama ningekuwa ndiye mpokeaji.

Tatizo la meseji yako si kwamba ni ya mtaani. Ni ya mtaani wa zamani. "Kutokelezea", "kuzimikia", "ile mbaya", hayo ni maneno ya kaka zangu wakubwa, wakati sisi tunatumwa dukani. Lingekuwa moja tu ningepita nalo bila kushtuka. Wewe umeyapanga yote kwenye mstari mmoja, ni sawa na kuweka picha ya cheti cha kuzaliwa. Nikishajua umri wako, na wewe unaniita "mrembo" usiku, shikamoo ndiyo njia ya adabu ya kukurudisha kwenye kiti chako. Siwezi kukutukana kwa sababu kesho tuko wote kwenye kikao.

Na usikimbilie kuandika "pisi kali" ukidhani umesasisha. Neno likishaanza kusemwa na wajomba na watu wa matangazo, sisi tunakuwa tumeshahama.

#7 Mwana_wa_Temeke
Dada hapo juu unazidisha. "Mzuka" bado tunasema huku, tena madogo wa 20. Na "kinoma" haijafa hata kidogo. Inategemea unaishi wapi. Huyo atakuwa mtoto wa kishua, hajawahi kuisikia.

#8 Binti_Tandika
#7 mimi naishi Tandika, si Masaki. "Kinoma" nimeiacha makusudi, soma tena.

#9 Ukoka_Mkavu
Mnapoteza muda na misamiati. Meseji ya mapenzi inayoeleweka na rika zote ni ile inayoanza na "Umepokea". Tuma na ya kutolea.

#10 Mwalimu_Kibatari
Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa muda mrefu, sasa nimepumzika. #6 amesema jambo la kweli ila naomba niliongeze kidogo.

Maneno ya mtaani hayazeeki kwa mwendo mmoja. Angalia ya pesa: buku na jero yanasemwa na kondakta, na mama wa sokoni, na mwanafunzi, na baba mtu mzima, na hakuna anayemcheka mwenzake. "Mambo" na "poa" ndivyo hivyo hivyo, ni mali ya kila mtu siku hizi. Lakini yanayosifia msichana yanageuka haraka sana. Sababu ninayoiona ni kwamba buku unamwambia yeyote, haliwatengi watu. Neno la kumsifia msichana vijana wanalitunga makusudi ili wazee wasilijue. Wazee wakilijua, kazi yake imekwisha. Kwa hiyo mleta uzi alichagua maneno kutoka kwenye kapu linalooza upesi kuliko yote.

Tena angalia: neno pekee kwenye ile meseji ambalo halikumpa umri ni "mrembo". Na hilo ni Kiswahili sanifu kabisa.

#11 Kisu_Butu
Shukrani mwalimu. Kwa hiyo ile ya pili ndiyo salama?

#12 Mwalimu_Kibatari
Hapana. Ile ni barua ya ofisi.

#13 Msee_wa_Umoja
Niaje wasee. Niko Nairobi, hii stori imenibamba.

Huku kwetu hiyo ya pili ingekuumiza kwa njia ingine. Kiswahili kama hicho sisi tulikiandikia insha tukiwa darasa la nane. Ukitumia dem "moyo wangu haujatulia" anaanza kutafuta alama umepata ngapi. Huku ukitaka kukatia dem unaandika tu "Sasa, form ni gani wikendi?" na mnaendelea.

Lakini Sheng pia ina mtego wake, na si umri pekee. Inaonyesha mtaa. Mimi nimelelewa Umoja, na kuna maneno ya wasee wa Kayole na Dandora ambayo nikiyatumia wanajua mara moja nimeyaokota. Sasa fikiria babi wa Lavington ametuma dem wa Buru Sheng nzito ya kuokota mtandaoni. Atachekwa na dem na marafiki zake wote. Anaonekana anaigiza umaskini.

#14 Chausiku_wa_Mkunazini
Nyie wa bara mnanichekesha. Sasa "u mzima" imekuwa barua ya ofisi? Huku Unguja bibi yangu anasema "u mzima?", mimi nasema "u mzima?", na kijana wa pikipiki anayenitaka naye anasema "u hali gani bibie, mbona kimya?" Hiyo ndiyo lugha ya barazani, haina uzee wala ujana.

Kinachoiua meseji ya pili ni "ningependa kupata wasaa" na "endapo utaridhia". Hayo mtu hayatamki kwa mdomo. Toa hayo, bakiza "u mzima? Tangu kile kikao moyo haujatulia", utaona inapumua.

#15 Pweza_Mkavu
Kwa hiyo sanifu ni lugha ya pwani, sisi wa bara tumeazima tu. Ndiyo maana ikitoka kwetu inasikika ya kuigiza.

#16 Mwalimu_Kibatari
#15 umekaribia lakini si pwani yote. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo kwa nchi za Afrika Mashariki. Mombasa yenyewe ilikuwa na Kimvita, chenye ushairi mkubwa, nacho hakikuchaguliwa. Ndiyo maana kwa #14 sanifu inafanana na mazungumzo ya nyumbani. Kwa wengine wengi, hata wa mwambao, ilifika kupitia shule.

#17 Mvita_Asili
Ahsante mwalimu. Maana mimi ni wa Mombasa na macho tunaita mato. Nikimwandikia msichana wa Mji wa Kale "mato yako yaniua", ameshajua mimi mtoto wa nyumbani. Nikimwandikia "macho yako yananiua" atauliza nimejifunza wapi. Kijana wa Nairobi akija na Sheng yake huku anaambiwa tu "wewe wa bara", hata kama mapenzi yake ya kweli.

#18 Msee_wa_Umoja
#17 hio ni ukweli, yamenikuta Nyali 😂

Lakini kuna kitu cha ajabu. Huku Nairobi ukiongea kama Mbongo, madem wengine wanalainika. Beshte yangu anaandika "naomba" badala ya "nipe" na "jamani" kila mahali, na inafanya kazi. Wanasema anaongea kama mtu wa tamthilia. Kwa hivyo sanifu ya vitabu inakuzeesha, lakini sanifu ya Kibongo inakupa utamu.

#19 Binti_Tandika
Kwa sababu nyie Wakenya mnatongoza kama mnaagiza chakula. Kuna mmoja aliniandikia "Leta picha." Mbili tu. Leta picha, kama mhudumu.

#20 Msee_wa_Umoja
Ulileta?

#21 Binti_Tandika
Nilileta ya mbuzi.

#22 Daktari_wa_Herufi
Wote mnaangalia maneno, mimi naangalia herufi. Niambie mtu anavyoandika "sasa" nikwambie alipata simu yake ya kwanza lini. Akiandika "xaxa" na "mxaada", huyo ni wa zile simu za vitufe, ujana wake ulikuwa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Akiandika "cjui", "k2", "2taonana", huyo alikuwa anabana maneno kwenye herufi 160 ili meseji isihesabiwe mbili. Vijana wa leo wana bando na kibodi inayokisia neno, kwa hiyo wanaandika maneno mazima, herufi ndogo zote, bila nukta. Mleta uzi ameweka koma kabla ya "mzuka" na alama ya kuuliza mahali pake. Hilo tu lingemtosha.

#23 Mwana_wa_Temeke
Kwa hiyo koma nayo ni uzee? Basi tumekwisha.

#24 Chausiku_wa_Mkunazini
#22 yuko sahihi kuhusu herufi ila amesahau kubwa zaidi, nayo haihusu umri. Watu wanaoandika "nazani" na "zambi". Au anadondosha H: "ujambo", "auna shida", kisha anaipachika isipotakiwa, "hasante". Huku kwetu mtoto anapita chuoni kwanza, anajua dhal na zay ni herufi mbili, kwa hiyo tukiona hivyo tunajua malezi ya wapi. Kuna mmoja aliniandikia "Wewe ni samani kubwa kwangu". Nikamuuliza samani gani, kabati au kochi?

#25 Mwalimu_Kibatari
#24 si malezi peke yake, bibie. Nimewahi kuwa na wanafunzi hodari waliokuwa wakiandika "nazani" kwa sababu ndivyo inavyotamkwa nyumbani kwao, na lugha yao ya kwanza haina sauti ile. Wanaochanganya L na R ndivyo hivyo hivyo. Ukimpima mtu akili kwa hilo utawakosa watu wazuri.

#26 Chausiku_wa_Mkunazini
Sijampima akili mwalimu, nimempima kama ananifaa.

#27 Ng'wana_Misungwi
Mleta uzi, mbona hujatuambia yeye anaandikaje? Tunamchambua wewe tu. Weka meseji zake za grupu, ficha jina.

#28 Kisu_Butu
Kwenye grupu huwa anaandika hivi: "Wapendwa, naombeni tumalizie ahadi zetu mapema. Kamati huwaga inahangaika sana mwishoni." Stetasi yake ya jana: "Mungu fundi 🙏". Inboksi ni ile shikamoo tu.

#29 Ng'wana_Misungwi
HUWAGA! Huyo ni wa kwetu, Kanda ya Ziwa. Hiyo -aga haidanganyi. Mwandikie asubuhi "Mwangaluka" uone kama hajibu.

#30 Mwana_wa_Temeke
Acha bwana. -aga siku hizi iko Dar nzima, hata mimi nasemaga na kwetu ni Lindi.

#31 Binti_Tandika
Mie nimeona "Wapendwa". Hilo ndilo la kuangalia. Anayefungua meseji na "Wapendwa" ni mtu wa kanisani, tena wa kwaya au wa vipindi vya katikati ya wiki. Kwake "niaje, mzuka" usiku haisomeki ujana, inasomeka uhuni. Kwa hiyo shikamoo inaweza isiwe ya umri kabisa, inaweza kuwa ya "kaka, jiheshimu".

#32 Pweza_Mkavu
Walokole nao wanaongea kihuni wakiwa wawili. Nina ushahidi ila nimeoa.

#33 Daktari_wa_Herufi
Ameandika "naombeni tumalizie", akaweka na nukta. Huyu anajali uandishi. Jibu lake linapaswa kuwa zima, bila vifupisho.

#34 Dada_Mkubwa_Moro
Salamu. Nimesoma wote, naona hakuna aliyegusa upande wetu wanawake.

Mwanaume akichanganya mtaani na sanifu anaitwa mchangamfu. Mimi nina 33. Nikimjibu mwanaume "freshi, niaje mwanangu" anapunguza heshima hapo hapo, anadhani nimezoea, ananiletea mambo ya lojing'i. Nikijibu "Salama, za kwako?" ananiona naringa. Kwa hiyo wengi wetu meseji ya kwanza tunajibu kwa lugha iliyofungwa makusudi, halafu tunaangalia atafanya nini. Shikamoo ya huyo dada inaweza kuwa mlango tu aliouegesha.

Ninachopima mimi ni meseji ya tatu na ya nne. Nikilegeza kidogo, mfano nikiandika "jamani" au "mwaya", naye akalegeza kidogo, tunakwenda sawa. Akirukia "bebi" hapo hapo, namaliza. Akibaki na "natumaini u mzima", najua ni mwoga au ana mke amekaa pembeni.

#35 Kisu_Butu
Sina mke.

#36 Dada_Mkubwa_Moro
Sijakuuliza kaka 😊

#37 Msee_wa_Umoja
Amepewa "kaka 😊" mara ya pili 😂😂😂

#38 Mwana_wa_Temeke
Tuache nadharia, tumwandikie jamaa. Masharti kutokana na yaliyosemwa: hakuna neno la mtaani linalooza, hakuna "endapo", hakuna kujifanya mdogo, na hiyo shikamoo aitaje, asijifanye haikutokea. Mimi naanza:

"Mambo. Ile shikamoo imenikosesha usingizi, nimeenda kujiangalia kwenye kioo."

#39 Chausiku_wa_Mkunazini
Si mbaya, ila inalia sana. Jaribu: "U mzima? Shikamoo yako nakurudishia, imenipwaya."

#40 Binti_Tandika
#39 hiyo tamu mno! Ila mlokole wa Dar akiona "u mzima" atadhani ametumiwa na mtu wa Visiwani. Aanze na "Habari ya leo". Na aitume mchana, si usiku.

#41 Mwalimu_Kibatari
"Imenipwaya" ni nzuri kwa sababu ni neno la kila siku, kila rika linalielewa, na limebeba utani bila kuazima ujana wa mtu. Lakini #34 ametuonya: asiongeze sifa za uzuri hapo. Utani mmoja unatosha kwa meseji moja.

#42 Ukoka_Mkavu
Bado nasema muamala.

#43 Kisu_Butu
Wakuu, nimetuma mchana huu: "Habari ya leo. Shikamoo yako naomba nikurudishie, imenipwaya 😄"

#44 Pweza_Mkavu
Tunasubiri mrejesho. Nimeweka kiti mbele.

#45 Kisu_Butu
Amejibu: "😂😂 Haya sawa mheshimiwa mwekahazina. Nikupe ipi sasa?"

#46 Binti_Tandika
Subiri kwanza. MWEKAHAZINA?

#47 Kisu_Butu
Ndiyo, mimi ndiye mwekahazina wa kamati. Sikuona kama inahusika.

#48 Dada_Mkubwa_Moro
Inahusika vipi isihusike! Tumechambua umri, kanisa, -aga, koma, kumbe dada wa watu anamsalimia mwenye daftari la michango. Mtu anayekudai hadharani kwenye grupu kila wiki lazima umpe shikamoo hata kama mmezaliwa siku moja.

#49 Mwana_wa_Temeke
Amemaliza ahadi yake?

#50 Kisu_Butu
Bado nusu.

#51 Pweza_Mkavu
😂😂😂 Basi "nimekuzimikia" aliisoma kama mbinu ya kudai.

#52 Msee_wa_Umoja
Mimi hio "Haya sawa" inanipa wasiwasi. Huku dem akikwambia "haya sawa" umeachwa kwa upole, chukua mat urudi keja.

#53 Chausiku_wa_Mkunazini
Hapana, "haya" kavu na "haya" iliyotanguliwa na kicheko ni vitu viwili. Tena amemaliza na swali. "Nikupe ipi sasa" ni utani wa mtu aliyekaa kitako.

#54 Binti_Tandika
Mie naona swali ni zuri ila "mheshimiwa" ni umbali. Bado hajaamua.

#55 Daktari_wa_Herufi
Ameweka nukta baada ya "mwekahazina". Mtu aliyelegea haweki nukta.

#56 Chausiku_wa_Mkunazini
Wewe na nukta zako utakufa hujaoa.

#57 Kisu_Butu
Sasa nijibu nini? Yuko mtandaoni hapa naona.